Nalipa asilimia 60 ya risiti zake. Na risiti zangu je?

Kibatari
Wakuu, habari zenu. Mimi na mama wa mwanangu tuliachana zamani kidogo, hatuna ugomvi, ila mwisho wa mwezi ukifika lazima tuvutane kwa sababu ya hela. Mtoto ana miaka tisa. Analala zaidi kwa mama yake, kwangu anakuja wikiendi na vipande vya likizo. Kwa wastani ni usiku 20 kwake na usiku 10 kwangu kila mwezi.

Sasa tumekubaliana kuacha mambo ya kukadiria. Tutagawana gharama za mtoto kwa risiti, kila mtu kwa uwiano wa kipato chake. Namba nimezipunguza ili zisomeke vizuri: mimi nabaki na 900 mkononi baada ya makato, yeye anabaki na 600. Yaani 60 kwa 40, na hapo hatubishani.

Tunabishana hapa. Anataka kila mwezi anitumie risiti zake, mimi nimrudishie asilimia 60. Mwezi uliopita risiti zake zilifika 250, kwa hiyo ningempa 150. Lakini mimi pia nilitumia 110 kwa mtoto huyohuyo. Nikimuuliza hiyo 110 inaingia wapi, jibu lake ni kwamba hayo ni matumizi ya nyumbani kwangu, hayamhusu. Tunaanza mwezi ujao. Ndivyo inavyofanyika kweli?

ChuiMweupe
Mkuu, hapo unapigwa mchana kweupe. Mtoto analala kwako theluthi ya mwezi, basi na mchango wako upungue theluthi. Chukua 150, toa theluthi, inabaki 100. Lipa 100, maliza. Nchi zilizoendelea wanahesabu usiku, hawahangaiki na vikaratasi.

Dodoki
Sisi hapa nyumbani mke analipa ada, mimi nalipa pango na chakula. Hakuna risiti wala asilimia. Mkipendana haya mambo hayatokei.

Tausi_wa_Pwani
@Dodoki ndugu yangu, hawa wameachana. Kila mtu ana kwake. Rudi usome swali.

Mzani
Kibatari, nimekaa miaka mingi kwenye usuluhishi wa mambo ya familia, na mpango aliokuletea huyo mama nimeuona mara nyingi sana. Kwa kawaida anayeuleta hana nia mbaya. Unaonekana wa haki kwa sababu una asilimia ndani yake, ila asilimia yenyewe imewekwa mahali pasipo pake.

Uwiano wa 60 kwa 40 ni uwiano wa gharama zote za mtoto, haijalishi zimelipwa kwenye nyumba ipi. Ukiuweka juu ya risiti za upande mmoja tu, unaacha kuwa 60 kwa 40. Angalia: ungempa 150, halafu 110 yako ungeibeba peke yako. Jumla umetoa 260. Gharama zote za mtoto mwezi ule ni 250 na 110, yaani 360. Wewe umebeba asilimia 72, yeye 28. Na mkataba wenu bado umeandikwa 60 kwa 40.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Risiti zote, zako na zake, ziingie kapu moja: 360. Fungu lako ni asilimia 60 ya hiyo, yaani 216. Umeshalipa 110 kutoka mfukoni mwako, kwa hiyo unadaiwa 106. Hakiki kwa upande wake: alilipa 250, amepokea 106, amebaki na mzigo wa 144, ambayo ndiyo asilimia 40 ya 360. Pande zote mbili zikifunga namna hiyo, ujue hamjakosea. Upande mmoja ukigoma kufunga, kuna kitu kimehesabiwa mara mbili au kimesahauliwa.

ChuiMweupe amekaribia jibu, ila kwa bahati. Njia aliyopita siyo, nitaieleza baadaye. Kwanza tuambie hiyo 250 na hiyo 110 ni vitu gani.

Kibatari
Asante sana Mzani. Za kwake: ada ya shule 100 (inalipwa 300 kwa muhula, tumeigawa kwa miezi mitatu), viatu na sare 20, kliniki na dawa 30, dada wa kumwangalia mchana 20, chakula 80. Chakula hatukutumia risiti, tulikubaliana 4 kwa kila usiku anaolala, kwa hiyo usiku 20 ni 80.

Za kwangu: chakula 40 kwa usiku 10, usafiri wa shule 25, mazoezi ya mpira 15, baiskeli 30.

Tausi_wa_Pwani
Mimi ni mama niliye upande wa huyo dada, kwa hiyo nitamsemea. Hiyo baiskeli alijulishwa? Maana mimi baba wa wanangu alikuwa na tabia ya kuwapeleka madukani wanarudi na mizigo, halafu mwisho wa mwezi ananiletea risiti eti nichangie. Viatu vya shule nanunua mimi, shangwe anapata yeye, na nusu ya shangwe nalipia mimi.

Kibatari
Hakujulishwa. Ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa.

Mzani
Basi itoke. Zawadi ni ya aliyetoa. Na nionyeshe kwa namba kwa nini Tausi ana hoja, maana watu wengi hudhani kuongeza kitu kwenye kapu hakumwumizi mwingine. Baiskeli ikibaki ndani, unadaiwa 106 kama tulivyoona. Ikitoka, gharama zako zinakuwa 80 na kapu linakuwa 330. Fungu lako ni 198, toa 80, unadaiwa 118. Tofauti ni 12, ambayo ni asilimia 40 ya baiskeli. Yaani kwa kuiingiza ungekuwa umemtoza mama yake 12 kwa zawadi ambayo hakuulizwa. Na yeye akiingiza kitu cha 30 bila kukuuliza, anakutoza wewe 18. Mwenye kipato kikubwa ndiye anayeumizwa zaidi na manunuzi ya mwenzake, kwa hiyo kanuni ya "tukubaliane kwanza" inakulinda wewe kuliko inavyomlinda yeye.

Ninachowashauri watu ni kuandika orodha ya vitu vinavyoingia bila kuulizana: ada, matibabu, sare, usafiri wa shule, mlezi wa mchana saa ambazo mzazi yuko kazini, chakula kwa kiwango cha usiku. Kitu chochote nje ya orodha, ujumbe kwanza na jibu kwanza. Mazoezi ya mpira yako pembeni hapo, itategemea mlivyozungumza.

Sasa lile dai kwamba 110 yako ni "matumizi ya nyumbani kwako". Tazama orodha yake. Chakula cha nyumbani kwake, 80, kimo ndani. Ikiwa chakula cha kwake ni gharama ya mtoto, cha kwako ni gharama ya mtoto vilevile. Mwonyeshe hilo kwa upole, nadhani ataelewa.

ChuiMweupe
Mzani usinikwepe. Australia wanahesabu usiku, nimesoma mwenyewe. Wewe unasema njia yangu siyo.

Mzani
Sijakukwepa, na kuhusu Australia umesoma sawa. Kanuni yao iliyoanza Julai 2008 inachukua asilimia ya kipato cha kila mzazi, kisha inatoa asilimia ya gharama ambayo mzazi anahesabiwa kuibeba kwa kukaa na mtoto. Mzazi anayekaa na mtoto kuanzia asilimia 14 ya usiku hadi chini ya 35 anahesabiwa kubeba asilimia 24 ya gharama. Usiku 10 kati ya 30 ni 33, kwa hiyo Kibatari angeingia humo. Kwa kipato chake cha asilimia 60, toa 24, angelipa asilimia 36 ya gharama.

Lakini angalia kwa nini wanahesabu usiku. Wao hawakusanyi risiti. Gharama ya mtoto wanaitoa kwenye jedwali, kwa kutazama umri wake na kipato cha wazazi wote wawili. Hakuna anayejua nani kalipa nini, kwa hiyo usiku unasimama badala ya risiti. Kibatari na mwenzake wana risiti. Usiku 10 za kwake zimeshaingia kwenye kapu kama chakula 40. Ukipunguza tena theluthi kwa sababu ya zile usiku, umemhesabia chakula kilekile mara mbili.

Na nikupe zawadi kidogo: baada ya kuitoa baiskeli, Kibatari amelipa 80 kati ya 330. Piga, ni asilimia 24 na ushee. Toa kwenye 60, unabaki karibu 36. Hesabu ni ileile, ila yeye kaifikia kwa risiti na wao kwa jedwali. Namba kuangukiana namna hii ni bahati ya mfano huu tu, mwezi ujao haitakuwa hivyo.

ChuiMweupe
Sawa, nimekubali kwa shingo upande. Bado naona vikaratasi ni kazi.

mama_wawili
Samahani kuingilia, mimi tatizo langu linaanzia kabla ya risiti. Mzazi mwenzangu ana biashara yake. Kila nikiuliza kipato chake ananiletea hesabu inayoonyesha faida karibu na sifuri. Lakini gari analo, na anaishi vizuri kuliko mimi ninayelipwa mshahara unaoonekana hadi senti. Kwa hesabu zake mimi nibebe asilimia 90. Nifanye nini?

Mzani
Mama wawili, hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwenye mfumo huu, na halina dawa moja. Faida ya kwenye vitabu vya biashara na hela anayoishi nayo mtu ni vitu viwili. Biashara ikilipia gari, simu, mafuta na pango la anakolala, faida inashuka, ila yeye hajawa maskini. Kwa hiyo usitazame faida peke yake. Omba kuona alichochukua kwa matumizi yake kutoka kwenye biashara kwa miezi 12, hela taslimu pamoja na bili zake binafsi zilizolipwa na biashara. Bidhaa za kuuza, vifaa vya kazi na mishahara ya wafanyakazi vibaki nje, hizo ni gharama halali.

Miezi 12 ni kwa sababu biashara ina msimu. Ukichukua mwezi mmoja, kila mtu atachagua mwezi unaompendeza. Na muda uwe uleule kwa wote wawili: kama wewe unaleta mshahara wa mwaka mzima, naye alete mwaka uleule, na wote baada ya kodi. Mmoja akileta kabla ya kodi na mwingine baada, uwiano umeshapinda kabla hujafika kwenye risiti.

Akikataa kabisa kuonyesha, mgawanyo wa uwiano haufanyi kazi kwenu. Hapo mtafute msuluhishi au mahakama, ambako anaweza kuwekewa kipato cha kukadiria kutokana na anavyoishi.

mama_wawili
Hicho anachochukua kwenye biashara sikuwahi kukifikiria. Nilikuwa nagombana na faida tu. Asante.

Tausi_wa_Pwani
Mimi nina swali linalomhusu Kibatari moja kwa moja, na najua hatalipenda. Kwa nini tunaanzia 900 na 600? Kila mtu ana pango lake, nauli yake, chakula chake mwenyewe. Tuseme mtu mzima kujiweka hai ni 300. Anayebaki na 600 baada ya hiyo na anayebaki na 300 hawako 60 kwa 40. Wako theluthi mbili kwa theluthi moja.

Kibatari
Sasa dada Tausi, umeshanipandisha kutoka 60 hadi karibu 67 bila hata kunisalimia. 😅

Mzani
Tausi hajabuni kitu. Hiyo Australia ya Chui inafanya hivyohivyo, inatoa kwanza kiasi cha mzazi kujikimu, ndipo inatafuta asilimia. Mantiki yake ni kwamba 300 za mwanzo hazipo huru kwa yeyote, kwa hiyo uwezo wa kumlea mtoto unapimwa kwa kinachobaki. Kwa namba zenu, bila baiskeli, fungu la Kibatari linakuwa 220 badala ya 198. Toa 80, anadaiwa 140 badala ya 118. Yaani 22 kwa mwezi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kipuuzi: nani anapanga kwamba kujikimu ni 300? Ukiiweka 500, uwiano unakuwa 80 kwa 20, kipato cha mtu hakijabadilika hata kidogo. Kadiri kiasi hicho kinavyokaribia mshahara wa mzazi mdogo, ndivyo kinavyomrushia mwenzake karibu kila kitu. Binafsi napendelea kitolewe pale ambapo mzazi mmoja yuko karibu na mstari wa kushindwa, na kisitolewe pale ambapo wote wanapumua. Lakini huo ni mtazamo wangu. Nimeona watu wenye busara wakiamua tofauti.

Kibatari
Yeye hayuko kwenye mstari wa kushindwa. Anaishi na dada yake, pango wanagawana.

Tausi_wa_Pwani
Na akihama kesho? Hamtaandika mkataba mpya kila dada anapoolewa.

Nahodha_Mstaafu
Vijana mnasahau nyumba yenyewe. Mtoto anahitaji chumba. Pango la chumba chake limo wapi kwenye hiyo 330?

Mzani
Swali zuri, mzee wangu. Pango zima haliingii, kwa sababu mzazi angelipa pango hata bila mtoto. Kinachoweza kuingia ni nyongeza: tofauti kati ya nyumba ambayo angepanga akiwa peke yake na ile aliyopanga kwa sababu mtoto anakuja. Na hapa usiku hazina maana kubwa, chumba cha Kibatari kinalipiwa mwezi mzima hata kama mtoto yupo siku kumi.

Ila kabla hamjaanza kugombania, pigeni hesabu. Tuseme nyongeza ni 50 kila upande. Kapu linaongezeka 100, fungu la Kibatari linaongezeka 60, lakini 50 ameshailipa mwenyewe. Deni lake linapanda kwa 10 tu. Nyumba zikiwa zinakaribiana, pango linajifuta karibu lote, na wengi huamua kuliacha nje ili kupunguza maneno. Linauma pale ambapo mmoja tu ndiye aliyelazimika kupanga nyumba kubwa.

Kibatari
Chumba tuliache nje, sote tuna viwili viwili. Swali langu la mwisho ni la utaratibu. Ada inalipwa mara moja, 300. Nikisubiri hadi mwisho wa mwezi yeye ameshakopa.

Mzani
Hapo ndipo mipango mingi hufia, siyo kwenye asilimia. Kurudishiwa ni kuzuri kwa vitu vidogo. Kwa kitu kikubwa, mwenye kipato kidogo anageuka kuwa benki ya mwenzake. Wekeni kiwango, labda 60: kitu chochote kinachozidi hapo, kila mtu anapeleka fungu lake kwa shule au kliniki yenyewe kabla ya tarehe ya mwisho. Wewe 180, yeye 120, na mkiandika kwenye daftari kila mtu anaandikiwa alicholipa. Kwa namba zako, ada ikitoka kwenye malipo yake na kugawanywa hivyo, yeye atabaki na 150 za mwezi pamoja na 40 za ada, wewe 80 pamoja na 60. Kapu bado ni 330, ila deni lako la mwisho wa mwezi linashuka kutoka 118 hadi 58.

Vitu vidogo vinavyobaki, lipeni kiasi cha kudumu kila mwezi kisha mfunge hesabu kila miezi mitatu. Kama mnatumia lahajedwali, weka kipato chako B1, chake B2, ulicholipa wewe D1, alicholipa yeye D2, halafu:

```
=B1/(B1+B2)*(D1+D2)-D1
```

Jibu likiwa chanya unadaiwa wewe, likiwa hasi anadaiwa yeye. Risiti iwe na tarehe, jina la kitu na aliyelipa. Picha ya skrini inayoonyesha tu kwamba hela imetumwa haitoshi, haisemi imenunua nini.

Na wekeni tarehe ya kufunga risiti. Nimeona mtu akileta za mwaka mzima ndani ya mfuko wa plastiki.

Tausi_wa_Pwani
Ikipita tarehe ipotee? Risiti ya hospitali nayo ipotee kwa sababu mama alikuwa wodini na mtoto?

Mzani
Matibabu nisingeyafungia. Mengine ndiyo. Ila najua wasuluhishi wanaokataa kabisa ukomo wa aina hiyo.

ChuiMweupe
Na akipoteza kazi katikati ya mwaka?

Mzani
Uwiano mpya unaanza siku aliyomjulisha mwenzake kwa maandishi, haurudi nyuma. Na mkubaliane kwamba mabadiliko madogo hayafungui mkataba. Watu wengi ninaowasaidia huweka pointi tano: uwiano ukihama kutoka 60 hadi 63, mnasubiri mapitio ya mwaka.

Kibatari
Wakuu, nimemtumia jedwali jana usiku. Kapu moja amekubali, na kuhusu chakula alicheka, akasema hakuwa ameliona hivyo. Mpira ameuingiza kwenye orodha mwenyewe. Ila kuna mtu kamwambia habari za kujikimu kwanza, sijui kasoma wapi, na sasa anataka theluthi mbili.

Tausi_wa_Pwani
Mimi simjui huyo dada. Naapa.

Mzani
Mna 22 tu kati yenu. Mwulize pango analolipa sasa, na ambalo angelipa akiishi peke yake, kisha leta namba hizo mbili hapa tuone.